Kikombe cha 42: nilivyouza kahawa Malindi miezi mitatu bila kujua bei yake

Siku gesi iliponiishia saa mbili asubuhi, kopo langu la pesa lilikuwa na shilingi 340. Kujaza mtungi wa kilo sita ilikuwa 1,300. Wateja watano walikuwa wamesimama mbele ya kibanda, maziwa yako jikoni yanaanza kupoa, nami tangu nifungue nilikuwa nimeshauza vikombe zaidi ya elfu tatu. Nilikimbilia kwa jirani yangu wa duka la simu, akanikopesha bila kuuliza. Sura yake ilikuwa ya mtu anayejiuliza huyu dada pesa anazipeleka wapi, maana kila siku aliniona nikiuza mpaka sina pumzi.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui zinakokwenda.

Nilikuwa nimefanya kazi ya mezani miaka sita katika hoteli moja upande wa Casuarina. Malindi hii ukihudumia Waitaliano miaka sita utajua kahawa utake usitake: utajua kwamba kapuchino ni ya asubuhi, kwamba mtu akimaliza kula mchana hataki maziwa, na kwamba majumbani mwao hawana mashine kubwa, wana moka. Moka ni lile birika dogo la aluminiamu lenye sehemu mbili. Chini maji, katikati kikapu cha kahawa ya kusaga, na maji yakipata moto mvuke unayasukuma yapande kupitia kahawa mpaka juu. Halitaki umeme. Linataka moto wa gesi na mtu mwenye subira.

Masika yalipoanza, wageni wakaondoka, hoteli ikafunga kama ilivyo ada, ila safari hii wengine hatukuitwa tena. Nikatoka na elfu 65. Kibanda cha mbao kikala 18,000, nikanunua jiko la vichwa viwili, sufuria, mizani ndogo ya jikoni ambayo kwa miezi mitatu sikuitumia, na moka mbili za vikombe sita nilizouziwa na bibi mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao. Nikapata pahali kando ya Barabara ya Lamu, mbele ya duka, kwa pango la 3,000 kwa mwezi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, akaja kunisaidia kuosha vyombo na kupeleka kahawa maofisini kwa 400 kwa siku.

Bei niliipangaje? Nitasema kweli, na najua si peke yangu. Mgahawa wa karibu kahawa ya maziwa ni 250. Wazee wa barazani wanauza kahawa chungu, kikombe 10. Nikasema mimi nikae kati, lakini karibu na watu wangu: 80. Hesabu yote ilikuwa hiyo.

Baadaye niliandika hesabu nyingine kwenye daftari, nikajiona mfanyabiashara. Kahawa nilikuwa naagiza Nairobi kwa mkaangaji mmoja, kilo tano kwa 8,000, na basi likanitoza 500 ya mzigo. Kwa hiyo kilo moja imenifikia kwa 1,700. Kikapu cha moka kinabeba gramu 27, naye moka hutoa kahawa nzito ya kutosha vikombe vinne vya maziwa. Kilo ina vikapu 37, vikombe 148, kwa hiyo kahawa ya kikombe kimoja ni shilingi 11 na nusu. Maziwa mililita 140 kwa kikombe, lita ni 90, basi lita yanipa vikombe saba, shilingi 13. Kikombe cha karatasi 7. Jumla 31 na nusu. Nauza 80, napata 48. Vikombe 52 kwa siku, huo ndio ulikuwa wastani wangu, ni karibu 2,500 za faida kila siku iendayo kwa Mungu.

Sasa niambie, mwenye faida ya 2,500 kwa siku anakosaje ya gesi?

Aliyenifungua macho ni ami yangu, ndugu yake baba, ambaye amebeba dele la kahawa chungu tangu mimi sijazaliwa. Buni anakaanga mwenyewe, anatwanga mwenyewe, anatia tangawizi. Alikuja jioni ile nikiwa nimekasirika, akakaa kwenye kibao.

"Kilo moja yakutolea vikombe vingapi, mwanangu?"

"Mia na arobaini na nane, ami."

"Umevihesabu?"

"Nimepiga hesabu."

Akacheka. "Sikuuliza umepiga. Nimeuliza umevihesabu. Dele langu latoa vikombe arobaini. Nalijua kwa sababu nimelimimina, si kwa sababu nimeligawa. Ukifungua kilo mpya, kila kikombe ukiuza tia mstari mmoja wa chaki hapo ubaoni. Kilo ikiisha, soma mistari."

Nikafanya hivyo. Kilo ikaisha siku ya tatu kabla ya adhuhuri, na mistari ilikuwa 122.

Vikombe 26 vilikuwa vimepotea njiani, na nilitaka kujua vimepotelea wapi. Nikatoa ile mizani. Nikajaza kikapu kama mkono wangu ulivyozoea, kwa kijiko, nikasawazisha kwa kidole, nikapima. Gramu 29. Tena: 30. Tena: 29. Mkono wangu ulikuwa unachota gramu mbili tatu za ziada kila mara, na kwa kilo nzima hiyo ni vikapu 34 badala ya 37. Vikombe kumi na viwili vimeondoka hapo. Na kahawa wala haikuwa tamu zaidi kwa hilo. Kikapu cha moka kikijazwa mpaka kujibana, maji hupanda kwa shida na kahawa hutoka na uchungu wa kuungua. Jaza kikae sawa na ukingo, usishindilie, na maji yasipite kile kivali kidogo cha pembeni.

Vile kumi na vinne vilivyobaki vilikuwa mwagio. Hapa ndipo moka ina tabia ambayo mashine haina: huwezi kuipika nusu. Ukitia kahawa nusu kikapu, maji yanapita mbio kwenye tabaka jembamba na unapata maji ya rangi. Kwa hiyo saa nne asubuhi, akija mteja mmoja, napika vinne, nauza kimoja, namngoja wa pili. Asipokuja ndani ya robo saa, kahawa imepoa, na kahawa ya moka ikipashwa moto mara ya pili inakuwa dawa. Nyingine tulikunywa sisi, nyingine nilimpa askari wa benki, nyingine mtaroni.

Dawa yake ilikuwa moka ndogo ya vikombe vitatu, ambayo kikapu chake ni gramu 15 na inanipa vikombe viwili vya maziwa. Saa za wateja wachache natumia hiyo. Moka kubwa mbili nimeziwekea saa zao: asubuhi hadi saa tatu, na jioni baada ya magharibi. Sasa kilo inanipa vikombe kama 136. Vile 148 vya daftarini sijavifikia hata mara moja, na siku hizi sivitafuti.

Kahawa basi kwa kweli ilikuwa inanigharimu 14 kwa kikombe, si 11 na nusu. Nikawaza: shilingi mbili na nusu ndizo zilizonimaliza? Ami akasema tuendelee na maziwa.

Maziwa ndiyo yaliyonitia aibu. Nilikuwa nanunua lita kumi kila alfajiri kwa kijana anayeleta kwa bodaboda kutoka upande wa Ganda, ndoo mbili za lita tano tano, jumla 900. Lita kumi kwa mililita 140 ni vikombe 71. Nami nilikuwa nauza 52, na jioni ndoo iko tupu. Miezi mitatu sikuwahi kujiuliza yale ya vikombe kumi na tisa yamekunywewa na nani.

Ndoo ya kwanza niliitia kwenye mizani ya jirani wa mchele. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo moja na gramu 30 hivi, maana maziwa ni mazito kidogo kuliko maji. Lita tano basi ni kilo 5 na gramu 150, ukitoa uzito wa ndoo. Yangu yalikuja kilo 4.8. Ya pili vivyo hivyo. Nilikuwa naletewa lita tisa na kitu, nalipia kumi. Usidhani kwamba mizani itakuambia kama maziwa yametiwa maji, maana maziwa yaliyotiwa maji hupungua uzito kidogo mno kwa jicho la mizani ya dukani. Kwa hilo unahitaji kile kipimo cha kioo kinachoelea. Mizani inakuambia kipimo kilichopunjwa tu, na kwangu ndicho kilichokuwa kimepunjwa. Kijana nilipomuonyesha hakubisha sana. Alisema kopo lake limebonyea. Kweli lilikuwa limebonyea. Lilibonyea lini, Mungu ndiye ajuaye.

Nyingine ilikwenda na moto. Maziwa mabichi lazima uyachemshe, na ukiyaacha yakitokota bila kifuniko yanapungua, na ngozi ya juu inashika pembeni. Karibu nusu lita ilikuwa inaishia hapo. Nusu nyingine ilikuwa mkononi mwangu: namimina kwa jicho, mteja anasema "ongeza kidogo dada", naongeza. Mililita kumi kwa kila kikombe mara 52 ni nusu lita. Na karibu lita nzima ilikuwa ni ile inayobaki saa saba mchana, katika joto la Malindi, bila friji, ambayo nikirudi saa kumi nakuta imeganda. Nilikuwa nampa mama wa jirani mwenye paka. Paka wale walinenepa.

Gawa 900 kwa vikombe 52: shilingi 17 na senti 30. Daftari langu lilisema 13.

Tulichobadilisha hapa hakikuwa kikubwa. Nilimwambia yule kijana alete mara mbili, lita tano alfajiri na tatu au nne saa tisa na nusu alasiri, kwa uzito si kwa kopo. Aligoma wiki moja, kisha akakubali kwa sababu njia yake ya jioni inapita hapo hapo. Nachemsha na kifuniko, moto ukishapanda napunguza. Na nilichora alama kwa rangi ya kucha ndani ya kijagi cha kumiminia, ya mililita 140. Anayetaka zaidi anapata, lakini najua kwamba nimempa. Kwa njia hiyo kikombe kimeshuka hadi kama 14 na nusu.

Tukaja kwenye kikombe chenyewe. Cha karatasi, kile cha wastani chenye kubeba mililita 240 ukikijaza hadi ukingoni, pakiti ya 50 kwa 350. Shilingi saba, nani asiyeijua hesabu hiyo? Lakini mistari ya ubaoni ilipofika 100, pakiti zilikuwa zimetoka vikombe 140.

Nilidhani mdogo wangu anaviuza pembeni, na nilimwambia neno ambalo ningependa lirudi kinywani. Akanyamaza, kesho yake akaniambia nimtazame mteja mmoja tu. Dereva wa tuktuk akachukua kahawa, akashika, akaachia mezani: "Inachoma hii. Niwekee kingine chini." Akamwekea. Yule anayefuata hivyo hivyo. Karatasi ya ukuta mmoja haivumilii maziwa ya moto, na watu wanaoshika usukani hawawezi kungoja ipoe. Kwa hiyo wateja wawili katika kila watano walikuwa wananywea vikombe viwili, nami nilikuwa nimesimama palepale naona kila siku na sikuwahi kukihesabu cha pili. Mdogo wangu nilimwomba radhi mbele ya ami.

Vikombe 140 kwa shilingi 7 ni 980. Vifuniko 90, maana si wote wanaotaka, kwa shilingi 4 ni 360. Kwa wateja 100 hiyo ni 1,340, yaani 13 na senti 40 kwa kila mmoja. Ongeza sukari, kijiti cha kukorogea na karatasi ya kujifutia, shilingi 3. Kwa hiyo mteja wangu alikuwa anabeba takataka ya shilingi 16 na senti 40, ghali kuliko kahawa iliyomo ndani. Mimi niliyekuwa nabishana na mkaangaji wa Nairobi kuhusu shilingi hamsini za kilo!

Kahawa 14, maziwa 17.3, kikombe na vitu vyake 16.4. Jumla 47 na senti 70, badala ya 31 na nusu. Bado inabaki 32 kwa kila kikombe, nikamwambia ami. Mara 52, bado napata 1,680 kwa siku. Siyo mbaya.

Ami akauliza, "Na wewe?"

Sikumwelewa. Nilimwelewa wiki iliyofuata, tulipokuwa na arusi Lamu. Basi la kwenda, siku tatu za shughuli, basi la kurudi. Kibanda sikutaka kukifunga, kwa hiyo nikamwomba dada mmoja tuliyefanya naye kazi hotelini anishikie. Akaniuliza kazi ikoje. Nikamweleza: unaamka saa kumi na nusu uchemshe maziwa, unafungua kumi na mbili hadi saa saba, unarudi saa kumi mpaka saa mbili usiku, ukifika nyumbani unasaga kahawa ya kesho kwa mkono, hiyo ni karibu nusu saa nyingine. Akafikiri, akasema, "Kwa 700 kwa siku nitakuja. Chini ya hapo nakaa na wanangu."

Kazi yangu ilikuwa na bei, na aliyeitaja alikuwa amekataa hata kuipunguza. Nilipanda basi nikiwa naikokotoa kichwani tangu Malindi hadi Witu. Mia saba zake na 400 za mdogo wangu ni 1,100 kwa siku. Pango, ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni 115. Gesi ilikuwa inanidumu siku 14, basi 93 kwa siku. Maji ya kuoshea na ya kupikia 45. Jumla 1,353, na pesa hizi hazijali nimeuza vikombe vingapi. Nikiuza kimoja ni 1,353, nikiuza mia ni 1,353.

Hapo ndipo penye kosa ambalo naona wengi wa vibanda tunalifanya, hata wale wanaokumbuka kutia kazi yao kwenye hesabu. Tunaitia kama vile kazi ni kitu kilichomo kikombeni: "vibarua, shilingi ishirini". Kahawa na maziwa vimo kikombeni kweli. Usipouza, hukuvitumia. Lakini mtu analipwa kwa siku, akiwa amekaa au amesimama. Kwa vikombe 52, zile 1,353 zinakuwa 26 kwa kikombe, na kikombe kizima kinakuwa karibu 74. Nikiuza 80 nabaki na sita. Wageni wakiwa wengi, Desemba na Januari, nikifika vikombe 75, zinashuka hadi 18, kikombe ni 66. Lakini mimi nilifungua masika. Kuna siku za mvua nilizouza 30, na siku hiyo kikombe kilikuwa kinanigharimu 93. Nilikuwa namlipa mteja shilingi 13 aje anywe kahawa yangu, na nikimwambia ahsante karibu tena.

Kikombe hakina bei moja ya gharama, basi. Swali lenye jibu ni hili: ni cha ngapi ndicho kinachomaliza kulipa siku? Kwa bei ya 80 na vitu vya 47.7, kila kikombe kinachangia 32 na senti 30. Gawa 1,353 kwa hiyo, unapata 42. Vikombe 41 vya kwanza vilikuwa vya pango, vya gesi, vya mdogo wangu na vya yule mwanamke wa 700 ambaye ndiye mimi. Kuanzia cha 43 ndipo kibanda kilipoanza kupata. Nami mara ngapi nilifunga saa mbili usiku na mistari 38 ubaoni, nikajiambia leo afadhali!

Na pesa zilizopungua zilikwenda wapi? Nilizila, kwa halali. Nilikuwa nachota koponi nauli, unga, ada ya shule ya mwanangu, nyingine kwa M-Pesa moja kwa moja, na kwa kuwa sikuwa nimejiandikia mshahara, kila nilichochota kilionekana kwangu ni faida. Kumbe siku za mvua nilikuwa nakula mshahara ambao kibanda hakikuwa kimeuzalisha, nakula mtungi wa gesi unaofuata. Siku hizi jioni natoa 700 kwanza, inakwenda kwenye simu nyingine. Zisipofika 700 naandika zimefika ngapi.

Kupandisha bei niliogopa zaidi ya kitu kingine chochote. Nikiwa hotelini tulipandisha bila hofu, kwa mgeni anayelala siku tano. Hapa mteja wangu wa asubuhi ni dereva wa tuktuk ambaye hajapata abiria wa kwanza, na kahawa chungu ya 10 iko hatua ishirini. Nilitafuta njia ya kumlinda yeye, na jibu lilikuwa pale kwenye zile takataka. Anayekaa kwenye kibao akanywa kwa bilauri, abaki na 80. Anayebeba, alipe 100, na apewe kikombe chenye kuta mbili cha shilingi 11 kisichochoma.

Kwa bilauri: kahawa 12.5, maziwa 14.5, sukari na vijikorokoro 3. Hiyo ni 30, inabaki 50. Kwa kubeba: 30 hiyo hiyo, kikombe 11, kifuniko 3 kwa wastani, jumla 44, inabaki 56. Bilauri zimeongeza maji ya kuosha, shilingi 30 kwa siku, na zinavunjika. Nimeshavunja saba na sijaziingiza vizuri kwenye hesabu. Mchanganyiko wa wateja wangu unanipa kama 53 kwa kila kikombe. Zile 1,353 zimekuwa 1,383. Gawa: vikombe 26 na chembe, sema 27. Siku ya mvua ya vikombe 30 sasa inajilipa yenyewe.

Wateja walipungua, sitaficha. Wiki mbili za mwanzo nilishuka hadi 40, kisha ikakaa kwenye 44. Wa ofisini walinung'unika zaidi ya wa tuktuk, jambo ambalo sikulitarajia. Wa tuktuk walihamia kwenye kibao, sasa hoja ya mpira inaanzia hapo. Lakini tazama: 52 kwa bei ya zamani ziliniachia 327 kwa siku baada ya kulipa kila mtu. 44 kwa bei mpya zinaniachia kama 950. Natumia maziwa machache, nasaga kahawa kidogo, nalala mapema.

Kama unaanza, ungenisikia kwa jambo moja, ni chaki. Usipange bei wiki ya kwanza kwa kugawa namba za kwenye pakiti. Fungua kilo moja, pakiti moja ya vikombe na ndoo moja ya maziwa siku hiyo hiyo, tia mistari mpaka kila kimoja kiishe, ndipo ugawe. Tofauti kati ya pakiti na mistari ndiyo biashara yako. Na fanya hivyo tena miezi ikibadilika. Ramadhani yangu ya kwanza nilihesabu upya kabisa: mchana nimefunga, nauza baada ya tarawehe hadi saa sita, msaidizi wa nusu siku, maziwa ya mara moja. Kikombe cha kulipa siku kilikuwa cha 19.

Juzi kijana wa maziwa alikuja na uso wa mtu mwenye habari. Malisho yamekauka, alisema, lita sasa ni 100. Zamani ningempigia kelele, au ningepandisha bei jioni ile kwa hasira. Nilichukua chaki. Lita yangu inatoa vikombe sita na kidogo. Shilingi kumi za lita ni shilingi moja na senti sitini za kikombe, na kikombe cha kulipa siku kinabaki kile kile cha 27, ila kwa upana wa kucha.

"Leta," nikamwambia. "Lakini upime mbele yangu."

Akaitundika ndoo kwenye mizani mwenyewe.